Deni Linapoiva Siku Benki Imefungwa

Tarehe 16 Januari 2026 iliangukia Ijumaa. Nchini Kongo ni siku ya kumkumbuka Rais Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa mwaka 2001. Kesho yake, tarehe 17, ni siku ya Patrice Lumumba, aliyeuawa mwaka 1961 huku huku Katanga, si mbali na Lubumbashi. Baada ya hapo ikaja Jumapili. Kwa kalenda ya serikali, milango ya benki ilipofungwa Alhamisi jioni ilikuwa ifunguke tena Jumatatu tarehe 19.

Sasa tumchukulie mama mmoja muuza vitenge katika soko la Kenya, ile komini ya Lubumbashi yenye jina hilo. Ana mkopo wa benki kwa dola, na rejesho lake la kila mwezi linaiva tarehe 16. Bado anadaiwa dola 6,000, riba ni asilimia 18 kwa mwaka, rejesho ni dola 500. Ijumaa hiyo pesa anazo mkononi, ila dirisha la kulipia halipo. Jumatatu asubuhi anakuwa wa kwanza kwenye foleni. Je, amelipa kwa wakati, au amechelewa siku tatu?

Watu wengi sokoni watajibu bila kusita kwamba sikukuu inasogeza deni mbele, na mambo yanaishia hapo. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Lakini hakuna upepo wa kawaida unaosogeza tarehe kwa nguvu zake. Inasogezwa na maneno yaliyoandikwa mahali fulani, na maneno hayo yanaweza kuisogeza mbele, kuirudisha nyuma, au kuiacha pale pale huku riba ikiendelea kuhesabiwa.

Pa kuanzia ni mkataba. Sheria ya mikataba inayotumika Kongo bado ni amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotolewa zama za Leopold II, na kifungu chake cha 33 kinasema jambo ambalo kila mwanasheria wa Lubumbashi analijua kwa moyo: mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Kwa hiyo kama mkataba wa mkopo una kifungu kinachosema rejesho linaloangukia siku isiyo ya kazi litalipwa siku ya kazi inayofuata, mama wa vitenge yuko salama. Kama kifungu kinasema lilipwe siku ya kazi iliyotangulia, basi alitakiwa kulipa Alhamisi tarehe 15, na Jumatatu tayari amechelewa. Kama mkataba umenyamaza, ndipo ubishi unapoanza. Meneja wa tawi atasema mfumo wa kompyuta ndio uliohesabu, na mteja atasema mlango ulikuwa umefungwa.

Amri hiyo hiyo ya 1888 inampa mteja ngao moja ambayo wachache huitumia. Kwa kawaida mdaiwa hahesabiwi kuwa amekosa hadi mdai amtake alipe kwa onyo rasmi au hati inayolingana nalo, isipokuwa mkataba wenyewe useme kwamba kufika kwa tarehe kunatosha bila onyo. Mabenki yanajua hilo, na ndiyo maana mikataba yao iliyochapwa tayari huwa na sentensi hiyo. Iko katikati ya aya ndefu, kwa herufi ndogo. Inafaa kuitafuta kabla ya kutia sahihi.

Lakini hata pale pande zote mbili zinapokubaliana kwamba tarehe imesogea hadi Jumatatu, linabaki suala la riba ya zile siku tatu. Hapa hesabu inastahili kufanywa polepole, kwa sababu ndipo wateja wanapopoteza pesa bila kujua, na pengine ndipo wanapolalamika bure.

Benki zinazofuata desturi ya Kifaransa huhesabu riba kwa siku halisi zilizopita na kugawanya kwa mwaka wa siku 360. Dola 6,000 kwa asilimia 18 zinazaa dola 1,080 kwa mwaka. Ukigawanya kwa 360 unapata dola 3 kwa siku. Kati ya tarehe 16 Desemba na tarehe 16 Januari kuna siku 31, kwa hiyo riba ya mwezi huo ni dola 93. Katika rejesho la dola 500, dola 93 zinakwenda kwenye riba na dola 407 zinapunguza deni lenyewe.

Mama akilipa Jumatatu tarehe 19, dola 6,000 zimekaa kwake siku 34 badala ya 31. Riba ya siku tatu za ziada ni dola 9. Kwa mtazamo wa haraka inaonekana sikukuu imemgharimu dola 9. Si kweli. Kama angelipa tarehe 16, zile siku tatu zingehesabiwa vilevile katika mwezi unaofuata, ila juu ya deni la dola 5,593 badala ya 6,000. Tofauti ya kweli ni riba ya siku tatu juu ya zile dola 407 tu ambazo zilichelewa kushuka, na hiyo ni kama senti 61. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kusubiri hadi Jumatatu.

Hasara yenyewe inaingia kwa milango mingine miwili. Wa kwanza ni tozo ya kuchelewa. Tuseme mkataba unatoza asilimia 3 ya rejesho lililochelewa: hizo ni dola 15, kwa tukio ambalo gharama yake halisi ni senti 61. Mlango wa pili ni wa kimya zaidi. Benki inatoza zile dola 9 za siku tatu Jumatatu, halafu mwezi wa Februari inaanza kuhesabu riba tena kutoka tarehe 16 Januari badala ya tarehe 19. Siku tatu zimelipiwa mara mbili. Hili halionekani kwenye kiasi cha rejesho. Linaonekana tu kwenye jedwali la mkopo, pale penye safu ya tarehe na safu ya riba, kwa mtu atakayehesabu siku kwa vidole kutoka rejesho moja hadi jingine. Jumla ya siku zote za mkopo, kutoka siku pesa zilipotolewa hadi siku ya mwisho, haiwezi kuzidi siku za kalenda. Ikizidi, kuna siku iliyolipiwa mara mbili.

Kuna tarehe moja ya Kongo inayoweza kugeuza mambo haya kichwa chini: tarehe 30 Juni, siku ya uhuru.

Mikopo mingi, hasa ya wafanyakazi na ya makampuni, huiva mwisho wa mwezi. Katika mikataba mikubwa ya mabenki duniani kote kuna kanuni inayopendwa sana, na vitabu vya ISDA, chama cha wafanyabiashara wa mikataba ya fedha, vimeifafanua kwa miaka mingi. Inasema malipo yanayoangukia siku isiyo ya kazi yasogezwe hadi siku ya kazi inayofuata, ila kama siku hiyo imo katika mwezi mwingine, yarudishwe nyuma hadi siku ya kazi iliyotangulia. Lengo ni la kihasibu: malipo ya Juni yabaki kwenye vitabu vya Juni.

Kwa mji kama London tarehe 30 Juni ni siku kama nyingine, na kanuni hiyo haisumbui isipokuwa iwe mwisho wa juma. Kwa Kongo ni sikukuu kila mwaka, na siku inayofuata daima ni Julai. Maana yake ni kwamba kila mkopo wenye kanuni hiyo na wenye rejesho la mwisho wa Juni utarudi nyuma, kila mwaka, bila kukosa. Mwaka 2025 tarehe 30 Juni ilikuwa Jumatatu. Kanuni ya kawaida ya kusogeza mbele ingeipeleka hadi Jumanne tarehe 1 Julai. Kanuni hii nyingine iliirudisha, ikaruka Jumapili na Jumamosi, hadi Ijumaa tarehe 27 Juni. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku nne, na kwa mfanyakazi ambaye mshahara wake unaingia tarehe 28 au 30, siku nne hizo ndizo zinazoamua kama akaunti ina pesa au imekauka.

Mtu anaweza kusema kanuni hiyo ni ya makampuni ya migodi na mabenki ya nje, si ya mwalimu wa Kampemba. Ni kweli kwamba mkataba wa mwalimu hautaitaja kwa jina. Lakini programu ya kompyuta ya benki inayo, kama chaguo moja kati ya kadhaa ambalo mtu fulani alilichagua siku mfumo ulipowekwa. Mteja haoni chaguo hilo. Anaona tu kwamba pesa zimekatwa mapema, ilhali mwaka mzima zilikuwa zikikatwa tarehe ile ile.

Namna kompyuta yenyewe inavyofanya kazi inaeleza mengi. Marejesho yanayokatwa moja kwa moja kwenye akaunti hayakatwi na mtu. Yanakatwa na kazi ya usiku, pale benki inapofunga siku yake: mfumo unapitia mikopo yote, unaona ipi imeiva, unakata, unaandika. Siku ya sikukuu benki haifungui siku, kwa hiyo haiifungi pia. Katika jedwali la mfumo kuna orodha ya sikukuu za mwaka, nayo huingizwa kwa mkono. Ikiwa imekamilika, kila kitu kinakwenda kama mkataba unavyosema. Ikiwa haijakamilika, mfumo unadhani Ijumaa ile ilikuwa siku ya kazi, na rejesho ambalo halikupatikana linaandikwa kuwa limekosekana.

Orodha yenyewe haikai kimya. Amri ya rais ya mwaka 2014 iliweka sikukuu za kisheria za nchi, na mwaka 2023 iliongezwa tarehe 6 Aprili, kwa heshima ya Simon Kimbangu. Mfumo ambao jedwali lake lilijazwa kabla ya hapo na halikuguswa tena ungekata marejesho ya tarehe 6 Aprili 2023 kana kwamba ni siku ya kawaida. Kwa upande mwingine, zipo siku ambazo watu wanazichukulia kuwa sikukuu na haziko kwenye orodha. Jumatatu ya Pasaka ni mojawapo: Zambia, mwendo wa saa chache kutoka Lubumbashi, imefunga, Kongo haijafunga. Mwaka 2026 Jumatatu ya Pasaka iliangukia tarehe 6 Aprili yenyewe, na kwa mara moja pande zote mbili za mpaka zilikuwa zimelala.

Sheki ni habari tofauti, kwa sababu ina saa mbili zinazokwenda pamoja bila kusikilizana. Moja ni saa ya sheria: mwenye sheki ana siku ngapi za kuipeleka benki. Nyingine ni saa ya benki: baada ya kuipeleka, pesa zinafika lini. Sikukuu inaigusa kila moja kwa njia yake.

Saa ya sheria katika nchi zilizofuata desturi ya bara la Ulaya inatoka Geneva, ambako tarehe 19 Machi 1931 nchi kadhaa zilikubaliana juu ya kanuni moja ya sheki. Kanuni hiyo ilitoa siku 8 za kuwasilisha sheki inayolipwa katika nchi ile ile ilikoandikwa. Siku ya kuandikwa haihesabiwi. Sikukuu zilizo katikati zinahesabiwa kama siku nyingine. Lakini siku ya mwisho ikiwa sikukuu, muda unasogea hadi siku ya kwanza ya kazi inayofuata.

Mfano wa msimu wa Noeli unaonyesha jinsi inavyofanya kazi. Sheki imeandikwa Jumatano tarehe 24 Desemba 2025. Hesabu inaanza tarehe 25, ambayo ni Noeli, nayo inahesabiwa kuwa siku ya kwanza. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Siku ya nane ni Alhamisi tarehe 1 Januari 2026, mwaka mpya. Benki imefungwa, kwa hiyo mwenye sheki ana hadi Ijumaa tarehe 2 Januari. Angeandikiwa siku moja mapema, tarehe 23, muda wake ungeisha tarehe 31 Desemba na asingepata nyongeza hata ya saa moja, ingawa naye alipoteza siku ya Noeli. Sheria haimrudishii mtu siku alizopoteza. Inahakikisha tu kwamba mlango wa mwisho haufungwi siku ambayo hakuna mlango.

Nini kinatokea akipitisha muda? Sheki haifi papo hapo. Kwa kanuni ile ile ya Geneva, benki inaweza kuendelea kuilipa. Kinachobadilika ni kwamba baada ya muda kuisha, aliyeiandika anaweza kuisimamisha na amri yake ikashika, jambo ambalo kabla ya hapo halina nguvu. Hivyo siku moja ya nyongeza iliyoletwa na mwaka mpya inaweza kuwa tofauti kati ya kulipwa na kuanza kufukuzana na mtu mtaani.

Kuna desturi ya biashara inayogongana na kanuni hii. Mnunuzi hana pesa leo, kwa hiyo anamwandikia muuzaji sheki yenye tarehe ya mbele, tuseme tarehe 30 Juni, na wote wawili wanaichukulia kama deni linaloiva siku hiyo. Kisha wanaulizana: tarehe 30 Juni ni sikukuu, itakuwaje? Kwa kanuni ya Geneva swali hilo halina maana, kwa sababu sheki haiivi. Inalipwa inapoonyeshwa, na tarehe ya mbele iliyoandikwa juu yake haimzuii mtu kuipeleka benki tarehe 10 Juni na kulipwa siku hiyo hiyo kama pesa zipo. Zikikosekana, mwandishi ana shida ya sheki isiyo na pesa nyuma yake, na hiyo ni shida ya jinai, si ya kalenda. Anayetaka deni lenye tarehe atumie hati ya ahadi ya malipo. Hiyo ndiyo inayoiva, na makubaliano ya Geneva ya tarehe 7 Juni 1930 yaliiwekea kanuni iliyo wazi: ikiiva siku ya sikukuu ya kisheria, malipo hayawezi kudaiwa kabla ya siku ya kazi inayofuata.

Waingereza walichukua muda mrefu kufika hapo. Sheria yao ya hati za malipo ya mwaka 1882 ilimpa mdaiwa siku tatu za rehema, na kama siku ya mwisho ya rehema iliangukia Jumapili, Noeli au Ijumaa Kuu, hati ilibidi ilipwe siku iliyotangulia. Ikiangukia sikukuu nyingine ya benki, ililipwa siku iliyofuata. Yaani sikukuu ya dini ilirudisha nyuma na sikukuu ya serikali ilisogeza mbele. Mchanganyiko huo ulifutwa mwaka 1971 pamoja na siku za rehema zenyewe.

Turudi kwenye saa ya pili ya sheki, ile ya benki. Mtu ana akaunti katika benki moja, sheki aliyopewa ni ya benki nyingine. Anaijaza kwenye karatasi ya kuwekea, karani anagonga muhuri, na benki yake inaiingiza katika ubadilishanaji wa sheki kati ya mabenki unaosimamiwa na Benki Kuu ya Kongo. Benki ya pili inatazama sahihi, inatazama kama pesa zipo, kisha inakubali au inarudisha. Hatua hizi zinahesabiwa kwa siku za kazi tu. Sheki iliyowekwa Alhamisi tarehe 15 Januari 2026, ambayo kwa kawaida ingejibiwa siku moja ya kazi baadaye, jibu lake lisingekuja kabla ya Jumatatu tarehe 19. Kama utaratibu ni wa siku mbili za kazi, lingekuja Jumanne tarehe 20.

Katikati hapo ndipo watu wanapojikwaa. Benki inaweza kuonyesha kiasi cha sheki kwenye akaunti mapema, kwa sharti kwamba italipwa. Mteja anaona salio kwenye simu, anaandika sheki yake mwenyewe juu ya pesa hizo, na Jumanne ile ya kwanza inarudi bila kulipwa. Njia ya kujua ni kutazama karatasi ya maelezo ya akaunti, ambayo katika mabenki haya huwa na safu mbili za tarehe. Moja ni siku operesheni ilipoandikwa. Nyingine ni tarehe ya thamani, siku pesa zinapoanza kuhesabiwa kuwa za mteja kweli. Sikukuu inapoingia kati, pengo baina ya tarehe hizo mbili hupanuka. Anayekopa kwa akaunti inayoruhusiwa kushuka chini ya sifuri atalipa riba ya kila siku iliyo ndani ya pengo hilo, hata kama salio linaloonekana ni zuri.

Jumamosi inaongeza utata wake. Matawi mengi ya Lubumbashi hufungua Jumamosi asubuhi, na mtu anaweza kuweka pesa taslimu na kulipa rejesho lake akiwa amesimama mbele ya karani. Lakini tawi kuwa wazi hakumaanishi kwamba mabenki yanabadilishana sheki siku hiyo. Mkataba unaotumia maneno «siku ya kazi» bila kueleza kama Jumamosi imo unaacha mlango wazi kwa ubishi ambao ungezuiwa kwa maneno matano.

Kisha kuna swali ambalo Lubumbashi inalihisi kuliko miji mingi: sikukuu ya nani? Mfumo wa malipo wa nchi una makao yake Kinshasa, ambako saa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja. Siku ya kawaida hilo ni faida ndogo kwa Wakatanga: kazi inapofungwa saa tisa alasiri ya Kinshasa, Lubumbashi tayari ni saa kumi. Lakini Kinshasa inaweza kufunga peke yake. Papa Fransisko alipozuru nchi, tarehe 1 Februari 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko mjini Kinshasa ili watu wahudhurie misa ya uwanja wa ndege wa Ndolo. Lubumbashi ilikuwa kazini. Mtu aliyeweka sheki Lubumbashi siku kama hiyo amewasilisha katika siku ya kazi kwa upande wake, ila moyo wa mfumo uko likizo.

Dola inaongeza kalenda nyingine. Uchumi wa Kongo unaendeshwa kwa dola kwa kiasi kikubwa, mikopo ikiwemo. Dola inayohama ndani ya benki moja, kutoka akaunti ya mteja hadi akaunti ya mkopo wake, haiendi popote, kwa hiyo sikukuu ya Marekani haiihusu. Lakini dola inayovuka mpaka hupitia benki wakala ya New York, na New York ikifunga, haiendi. Ile Jumatatu tarehe 19 Januari 2026, siku Lubumbashi ilipofungua milango baada ya siku tatu, ilikuwa Jumatatu ya tatu ya Januari, siku ya Martin Luther King, na Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imefungwa. Kampuni ya Lubumbashi iliyokuwa na deni la dola la kulipa nje tarehe 16, na yenye mkataba unaosema siku ya kazi ni ile ambayo Kongo na New York zote mbili zimefungua, tarehe yake ilikuwa Jumanne tarehe 20.

Mwanzo wa Julai ni mbaya zaidi, kwa anayenunua unga wa mahindi upande wa Zambia. Mwaka 2025, Jumatatu tarehe 30 Juni Kongo ilifunga. Tuseme mfanyabiashara alitoa amri ya malipo Alhamisi tarehe 3 Julai jioni, ikapitwa na saa ya mwisho ya benki wakala. Ijumaa tarehe 4 ni uhuru wa Marekani. Inabaki Jumatatu tarehe 7, New York imefungua, lakini Zambia inaadhimisha Siku ya Mashujaa, na Jumanne tarehe 8 ni Siku ya Umoja. Mzambia anaona pesa Jumatano tarehe 9. Lori limesimama Kasumbalesa wakati wote huo, na hakuna hata mmoja katika mlolongo aliyefanya kosa.

Siku ambazo mji umefungwa bila sheria kuufunga ni jambo jingine kabisa. Tarehe 16 Februari 2016 vyama vya upinzani viliita siku ya mji mfu nchi nzima. Maduka yakibaki yamefungwa siku kama hiyo, kwa kalenda ya sheria ni Jumanne ya kawaida, na rejesho lililoiva limeiva. Mteja aliyeshindwa kufika benki hawezi kuegemea kifungu cha sikukuu. Ikiwa kuna utetezi, ni ule wa nguvu isiyozuilika, na huo unadai ushahidi kwamba haikuwezekana kulipa kwa njia yoyote, si kwamba ilikuwa vigumu. Pesa za simu zimepunguza nafasi ya utetezi huo. M-Pesa na Airtel Money hazifungi Jumapili, na benki iliyoruhusu rejesho kulipwa kwa simu inaweza kuuliza kwa nini mteja hakutumia. Aliyetumia naye ahifadhi ujumbe wa uthibitisho wenye siku na saa, kwa sababu benki inaweza kuandika malipo hayo siku ya kazi inayofuata.

Mdai naye ana siku zake zilizofungwa. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Kongo imo katika OHADA, na sheria ya umoja huo ya kudai madeni, ya mwaka 1998 na iliyoandikwa upya mwaka 2023, inakataza kuanza kukamata mali Jumapili au siku ya sikukuu bila ruhusa maalumu ya hakimu. Mtumishi wa mahakama anayebisha hodi tarehe 17 Januari bila karatasi hiyo anaweza kurudishwa mlangoni. Asubuhi ya tarehe 19 atarudi, na safari hii atakuwa na haki.

Kwa mama wa vitenge, mambo yote haya yanaingia katika sentensi moja ya mkataba ambayo ingeweza kuandikwa hivi: rejesho linaloangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya kisheria ya Kongo litalipwa siku ya kazi inayofuata ya tawi la Lubumbashi, bila tozo ya kuchelewa, na riba ya siku zilizoongezeka haitahesabiwa tena katika kipindi kinachofuata. Benki yenye mkataba uliochapwa tayari haitapenda kuigusa fomu yake. Lakini inaweza kuiandika kwenye jedwali la marejesho, chini ya safu ya tarehe, na meneja akatia sahihi pembeni.